Karata ya Juu Isiyohama

Mwaka 1584 Mwingereza mmoja wa jimbo la Kent, Reginald Scot, alichapisha kitabu kinene cha kuwatetea watu waliokuwa wakishtakiwa uchawi. Kizazi chake kilikuwa kikiwanyonga wazee, hasa wanawake, kwa tuhuma ambazo Scot aliziona ni upuuzi mtupu. Ili aonyeshe kwamba si kila kinachoshangaza kimefanywa na shetani, alitenga kurasa za kueleza namna wacheza kiinimacho wanavyofanya mambo yao: sarafu zinazopotea, kamba zinazokatika na kuungana, na karata. Alipofika kwenye karata, alilitaja jambo moja kuwa ndilo msingi wa yote: kuchanga upesi upesi, huku karata moja unayoijua ikibaki chini kabisa au mahali pengine unapopakumbuka.

Zaidi ya miaka mia nne imepita na msingi haujabadilika. Mwanamazingaombwe wa leo, awe anafanyia maonyesho ukumbini au amekaa na marafiki mezani, bado anategemea zaidi uwezo wa kuzichanga karata mbele ya macho ya watu bila kupoteza karata anayoitaka. Mara nyingi karata hiyo ni ile ya juu kabisa. Watu wanaona zote zinachanganywa. Kwa kweli ile moja inarudi ilipokuwa, na yeye anaijua.

Kuna njia nyingi za kufanya hivyo, na baadhi zinahitaji vidole vya ajabu. Nitashika mbili tu, zote za uchangaji ule wa kawaida ambao watu wengi huufanya bila kufikiri: pakiti inashikwa mkono mmoja, mkono mwingine unainua karata na kuzidondosha juu ya nyingine kwa mafungu madogo madogo. Ndio uchangaji unaouona barazani na kwenye meza za nyumbani. Nimeuchagua kwa sababu hauna mbwembwe, na mtu akiuona hajiulizi chochote.

Tuanze na uchangaji halali, maana wa uongo umejengwa juu yake. Chukua pakiti ya karata 52 na uiweke mkono wa kushoto, ikiwa imelala kwa ubavu wake mrefu kiganjani. Kidole gumba cha kushoto kiwe juu ya mgongo wa karata ya kwanza. Vidole vinne viguse uso wa karata ya mwisho. Sasa mkono wa kulia uishike pakiti kwa ncha zake mbili: gumba kwenye ncha iliyo upande wa tumbo lako, kidole cha kati na cha pete kwenye ncha ya mbali. Kidole cha shahada kinapumzika juu ya ubavu. Gumba la kushoto libonyeze kidogo, kisha mkono wa kulia uinuke na pakiti. Karata chache za juu zitabaki mkono wa kushoto kwa sababu gumba limezizuia. Mkono wa kulia ushuke tena, gumba livute karata nyingine chache zilale juu ya zile za kwanza. Endelea hivyo hadi mkono wa kulia ubaki mtupu. Kwa mtu wa kawaida mzunguko mmoja huwa na mafungu kama sita hadi kumi.

Angalia kilichotokea. Karata zilizokuwa juu sasa ziko chini, na zilizokuwa chini ziko juu. Lakini ndani ya kila fungu mpangilio haujaguswa: karata tano zilizotoka pamoja zimeanguka pamoja, zimefuatana vilevile. Huo ndio udhaifu wa uchangaji huu, na wanahisabati wameuchunguza kwa makini. Persi Diaconis, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliondoka nyumbani akiwa na miaka 14 akasafiri na mwanamazingaombwe mashuhuri Dai Vernon. Baadaye akaingia kwenye hisabati na kuzipeleka karata huko. Mwaka 1992 yeye na Dave Bayer walichapisha hesabu iliyoonyesha kwamba ukizichanga karata 52 kwa kuigawa pakiti nusu kwa nusu na kuziachia pembe zipandane, zinatosha raundi kama saba kuzichanganya vizuri. Uchangaji wa mafungu, huu tunaouzungumzia, unahitaji maelfu ya raundi kufikia kiwango hichohicho. Kwa hiyo mtu anayezichanga mara mbili tatu kisha akagawa, hata awe mwaminifu vipi, hajazichanganya sana. Mwanamazingaombwe anafanya kazi ndani ya nafasi hiyo. Anachopaswa kufanya ni kuuendesha kwa kusudi uchangaji ambao tayari unaacha mengi yalivyo.

Njia ya kwanza ni ya raundi mbili. Tuseme karata ya juu ni bibi wa kopa. Unaanza kama kawaida, ila mara ya kwanza gumba la kushoto linavuta karata moja peke yake: bibi. Karata zote 51 zilizobaki unazidondosha juu yake kwa mafungu, bila kujali. Bibi sasa yuko chini kabisa. Bila kusimama unaanza raundi ya pili. Unadondosha mafungu kama kawaida, lakini mkono wa kulia ukibakiwa na karata chache, unaanza kuzivuta moja moja. Ya mwisho kuanguka ni bibi, na akianguka wa mwisho anakuwa juu kabisa. Umemaliza.

Ninaipenda njia hii kwa sababu haina udanganyifu mwingi ndani yake. Karata 51 zimechangwa kweli. Anayetazama haoni kitu kwa kuwa karibu hakuna kitu cha kuona. Wafundishaji wazuri huwapa wanafunzi njia hii kwanza. Jean Hugard na Frederick Braue, katika kitabu chao cha mwaka 1948 ambacho kimewafundisha wanamazingaombwe wa vizazi kadhaa, waliuweka uchangaji wa mafungu kuwa somo la kwanza kabisa, kabla ya hila nyingine yoyote.

Shida yake iko pale mwanzoni. Kuvuta karata moja peke yake si sawa na kuvuta fungu. Sauti ni tofauti: fungu linaanguka kwa uzito, karata moja inateleza kama karatasi. Mwendo wa gumba nao ni tofauti, na anayeanza huwa anainamisha kichwa kuhakikisha ni moja tu iliyotoka. Mtu akianza kwa karata moja, akavuta mafungu makubwa, kisha akamalizia kwa karata moja moja, jicho makini litajiuliza kwa nini. Dawa yake ni kutawanya. Katikati ya mafungu unavuta karata moja moja mara mbili tatu pasipo sababu yoyote, ili ile ya bibi iwe moja kati ya nyingi.

Njia ya pili ndiyo wenye ufundi wanaitegemea zaidi, na ndiyo inayostahili muda wetu. Ilielezwa kwa undani mwaka 1902 huko Chicago, katika kitabu kidogo cha mwandishi aliyejiita S. W. Erdnase. Jina lake halisi halijathibitishwa hadi leo, ingawa watu wameandika vitabu vizima wakilitafuta. Erdnase aliwaeleza wasomaji mbinu za walaghai wa kamari kwa lugha baridi ya fundi, na wanamazingaombwe wakakichukua kitabu hicho kikawa chao. Dai Vernon, aliyezaliwa Ottawa mwaka 1894, alikisoma tangu utotoni na akaendelea kukifundisha hadi uzeeni. Kwa kiasi kikubwa ni yeye aliyewafanya wengine wakiheshimu.

Siri ya Erdnase ni alama ndogo inayotengenezwa ndani ya pakiti kwa kuiacha karata moja ichomoze kuelekea kwako. Bibi wa kopa bado yuko juu. Mkono wa kulia unachukua nusu ya chini ya pakiti, tuseme karata 26, na kuitoa. Nusu ya juu inabaki kushoto, bibi akiwa juu yake. Sasa mkono wa kulia unaleta nusu yake juu, na kabla gumba halijavuta, mkono huo wa kulia unasogea kidogo kuelekea tumboni, nusu sentimita hivi. Gumba la kushoto linavuta karata moja. Kwa kuwa mkono ulikuwa umesogea, karata hiyo inalala juu ya bibi ikiwa imechomoza upande wako kwa nusu sentimita hiyo. Mkono wa kulia unarudi mahali pake, na karata 25 zilizobaki unazidondosha juu kwa mafungu kama kawaida.

Simama hapa kidogo utazame ulichonacho mkononi. Juu kuna karata 25 zilizochangwa. Chini yake kuna karata moja iliyochomoza. Chini ya hiyo yuko bibi wa kopa, na baada yake karata 25 ambazo hazijaguswa kabisa. Kwa mbele pakiti inaonekana sawasawa. Ni wewe tu, kwa ncha iliyo upande wako, unayeweza kuihisi ile karata.

Hatua ya mwisho ndiyo inayotenganisha mjuzi na anayebahatisha. Mkono wa kulia unakuja kuichukua pakiti kama unavyofanya kila mara. Gumba lake linaigusa karata iliyochomoza kutoka chini yake na kuisukuma juu kidogo, mpaka ufa mwembamba utokee ndani ya pakiti. Gumba hilohilo linateremka na kushika kila kilicho chini ya ufa: bibi na karata 25 zake. Gumba la kushoto linazishikilia zilizo juu. Mkono wa kulia unalitoa fungu lile la chini lote na kuliweka juu kwa mara moja. Bibi wa kopa yuko juu tena, na karata iliyokuwa imechomoza sasa iko chini kabisa ya pakiti.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalioni mwanzoni. Njia hii haikuhifadhi karata moja tu. Imehifadhi nusu nzima ya pakiti kwa mpangilio wake, karata 26 zikifuatana vilevile. Ndiyo maana walaghai waliipenda: mtu aliyepanga karata nne au tano juu ya pakiti angeweza kuzichanga mbele ya wenzake na bado zikabaki pale. Gharama yake ni kwamba fungu la mwisho ni kubwa mno. Karata 26 zinazotupwa kwa mara moja baada ya mafungu madogo ya tatu tatu zinaonekana na zinasikika. Kwa sababu hiyo wajuzi hawaishii pale. Wanachukua nusu ya chini tena na kurudia, au wanaanza kwa kutoa sehemu kubwa zaidi, hata robo tatu ya pakiti, ili kinachobaki na bibi kiwe karata kumi na chache tu. Fungu la mwisho linakuwa dogo na linaungana na mwendo wa mengine.

Njia hiyohiyo ndiyo inayotumika mtazamaji anapochagua karata na kuirudisha. Mwanamazingaombwe anatoa nusu ya chini, ananyoosha mkono wa kushoto na kumwambia, "Irudishe hapa, ndugu yangu." Karata inawekwa juu ya nusu ya kushoto, mahali pale pale alipokuwa bibi wetu. Moja inavutwa ikachomoza, nyingine zinafuata, ufa unatafutwa, fungu linarudi juu. Aliyeichagua ameona karata yake ikizikwa katikati ya pakiti. Kumbe imepanda juu kabisa, ikingoja.

Kwa nini mtu aisumbukie karata moja hivyo? Tazama mchezo mmoja rahisi. Mwanamazingaombwe anajua kwamba karata ya juu ni bibi wa kopa, na kabla ya kuanza ameandika jina hilo kwenye karatasi na kuikunja. Anachanga mara mbili kwa njia ya Erdnase, anaiweka pakiti mezani, anamwomba mtu aikate popote apendapo. Mtu anainua fungu na kuliweka kando. Mwanamazingaombwe analichukua lile lililobaki na kuliweka juu ya fungu lililokatwa, lakini kwa kulikingamisha, mfano wa msalaba. "Tumepaweka alama pale ulipokata," anasema. Kisha anaacha karata na kuzungumza: anamwonyesha ile karatasi iliyokunjwa, anamuuliza kama kuna mtu aliyemlazimisha kukata hapo. Baada ya nusu dakika anainua fungu la juu na kusema, "Ifunue uliyoikata." Mtu anafunua. Ni bibi wa kopa.

Fikiria kidogo utaona kwamba karata hiyo haikukatwa popote. Ilikuwa juu ya pakiti tangu mwanzo, na fungu lililokuwa chini ndilo lililowekwa juu yake. Kukata hakukubadilisha chochote. Lakini bila uchangaji uliotangulia mchezo huu ungekuwa dhaifu, kwa sababu mtu angewaza mara moja kwamba karata ya juu ilijulikana. Uchangaji ndio ulioifuta fikra hiyo kabla haijazaliwa. Hii ndiyo kazi yake ya kweli, na kwa maoni yangu ndiyo sababu unapaswa kuonekana mdogo, wa kawaida, usio na umuhimu. Anayezichanga kwa madaha na kuwafanya watu wamtazame mikono ameuharibu mchezo wake mwenyewe.

Sasa mazoezi. Anayejifunza vizuri haanzi na hila. Anaanza na uchangaji halali, na anakaa nao muda mrefu. Anachanga akitazama televisheni, anachanga akizungumza na watu wa nyumbani, mpaka mikono isimhitaji tena. Sababu ni ya kiufundi: uchangaji wa uongo unapimwa kwa kufanana na wa kweli, na mtu asiye na uchangaji wake wa kweli hana cha kufananisha. Wengi hukosea hapa. Wanajifunza hila moja kwa moja, na matokeo yake wana namna moja ya kuchanga karata wanapocheza na nyingine kabisa wanapofanya mazingaombwe. Rafiki anayewajua anaiona tofauti hiyo hata kama hajui ni nini kinachofanyika.

Akishakuwa na mwendo wake, anaigeuza karata ya juu uso juu ili aione. Karata moja yenye uso kati ya migongo 51 haijifichi: akiifuata safari yake kwa macho, atajua mahali hasa inapopotea. Mara nyingi hupotea sehemu mbili. Ya kwanza ni pale karata ya alama inapovutwa. Gumba linavuta mbili kwa pamoja, au karata haichomozi vya kutosha na inasukumwa ndani na mafungu yanayofuata. Ya pili ni pale gumba la kulia linapotafuta ufa na kuchukua karata moja zaidi au pungufu. Likishika pamoja na ile iliyochomoza, bibi anakuwa wa pili kutoka juu. Likimwacha bibi nyuma, anaishia chini kabisa ya pakiti. Kwa hiyo baada ya kila zoezi anafunua karata ya juu, na isipokuwa bibi anatazama ya pili na ile ya chini kabisa. Mahali bibi alipo panamwambia kosa lilikuwa lipi.

Kisha inakuja hatua ya kufumba macho, na hii ndiyo ninayoiona kuwa kiini cha mazoezi yote. Hila hii ni ya kugusa. Nusu sentimita ya karata iliyochomoza inatosha kabisa kwa ncha ya kidole gumba, hata robo sentimita. Anayehitaji kuitazama bado hajaijua. Ushahidi mkubwa ni Mmarekani Richard Turner wa San Antonio, Texas. Alianza kupoteza uwezo wa kuona tangu utotoni, na sasa haoni kabisa; hata hivyo ni miongoni mwa watu wanaoheshimiwa zaidi duniani kwa kuzitawala karata mkononi. Filamu ya maisha yake iliyotoka mwaka 2017 inaonyesha namna karata zilivyo mikononi mwake karibu kila saa ya siku, akila, akisafiri, akizungumza. Vidole vyake ndivyo vinavyofanya kazi ya macho.

Baada ya vidole, mwendo. Hapa simu ya mkononi imesaidia sana kuliko kioo. Kioo kina kasoro moja kubwa: unajitazama wakati uleule unaofanya, na karibu kila mtu hupepesa macho hasa pale hila inapotokea, kana kwamba hataki kujiona. Simu haipepesi. Unaiweka mbele yako usawa wa macho ya mtazamaji, unajirekodi ukichanga mara kumi, tano za kweli na tano za uongo bila mpango, kisha unaitazama kesho yake. Ukiweza kuzitambua zile za uongo, mtu mwingine naye ataweza. Sikiliza pia bila kutazama. Uchangaji mzuri una mapigo yaliyo sawa, na hila hujisaliti kwa kituo kidogo kabla ya fungu la mwisho, pale gumba linapotafuta ufa. Usijaribu kukiondoa kituo hicho kwa kukimbia. Punguza mwendo wa mafungu mengine yote mpaka kituo kile kiwe pigo la kawaida kama mengine.

Zipo alama nyingine za kumtambua anayejifunza. Anayatazama mikono wakati wa ufa, na watu hutazama anakotazama. Karata yake ya alama inachomoza sentimita nzima, inaonekana na aliyekaa ubavuni. Anashika pakiti kwa nguvu mno, vidole vinakuwa vyeupe. Halafu ananyamaza ghafla, kwa sababu akili yake yote imehamia kidoleni. Kwa hiyo mazoezi ya mwisho ni kuzungumza: kuuliza swali la kweli, kusubiri jibu, kujibu tena, huku mikono ikiendelea. Kwa wengi hatua hii ndiyo ngumu kuliko zote zilizotangulia.

Karata zenyewe zina neno lao. Za plastiki zinateleza na hazishikani, hivyo kuvuta moja peke yake ni rahisi, lakini ile iliyochomoza husogea ovyo. Za karatasi zilizochakaa, zilizoshika jasho na unyevu wa pwani, hunata. Utavuta moja zitoke mbili. Pakiti mpya ya karatasi iliyotumika siku chache ndiyo rafiki wa anayejifunza. Ukubwa nao una maana: karata za poka zina upana wa milimita 63 hivi, za bridji 57, na mwenye mikono midogo atafurahi zaidi na za bridji.

Hila hii ina mipaka yake. Haivumilii watu waliokaa nyuma yako wala ubavuni kabisa, kwa kuwa kila kitu kinafanyika kwenye ncha iliyo upande wako na kinalindwa na mwili wako tu. Haitumiki kwenye kasino, ambako karata huchangwa zikiwa zimelala mezani na si mikononi, ili ncha zote zionekane. Na juu ya yote inashindwa na jambo rahisi mno: mtu mwingine akiikata pakiti kihalali na kuikamilisha, karata ya juu inazama katikati. Ule mkato wa msalaba tulioueleza unafanikiwa kwa sababu kwa kweli haukukamilishwa.

Kwa hiyo, ukikaa mezani na watu usiowajua, na pesa ziko mbele yenu, usihangaike kukodolea mikono ya anayechanga. Akiwa mjuzi hutaona kitu. Omba kukata, inua fungu mwenyewe, weka la chini juu yake mwenyewe, kisha mwambie agawe.